Uhai mrefu, vifo vilevile: jinsi uchunguzi wa mapema unavyoweza kuzipotosha takwimu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Kliniki ya Mayo, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, walianza kuandikisha wanaume wenye umri wa miaka 45 na zaidi waliokuwa wakivuta sigara nyingi, angalau paketi moja kwa siku. Kila mmoja alipigwa picha ya eksirei ya kifua na kupimwa makohozi ili kuwaondoa wale ambao tayari walikuwa na saratani ya mapafu. Wanaume 9,211 waliobaki na kufaa kushiriki waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza liliitwa kupimwa tena, eksirei na makohozi, kila baada ya miezi 4 kwa muda wa miaka 6. Kundi la pili lilipewa ushauri wa kawaida wa siku zile, yaani kwamba ni vizuri kupimwa mara moja kwa mwaka, kisha likaachwa bila kukumbushwa.

Matokeo yalipochapishwa, namba moja ilivutia macho. Miongoni mwa wagonjwa wa saratani ya mapafu wa kundi lililopimwa mara kwa mara, asilimia 33 walikuwa hai miaka 5 baada ya ugonjwa kugunduliwa, ilhali katika kundi la pili waliokuwa hai ni asilimia 15 tu. Mtu akikomea hapo atasema kwamba upimaji umezidisha maradufu nafasi ya kupona. Lakini madaktari walihesabu pia maiti, na hesabu hiyo ikatoa jibu jingine: waliokufa kwa saratani ya mapafu katika kundi lililopimwa walikuwa 122, na katika kundi la pili 115. Makundi hayo yalikuwa na watu takriban sawa, kwa hiyo hakuna njia ya kuzisoma namba hizo mbili ikaonekana kwamba kupimwa kuliokoa maisha.

Namba zote nne ni sahihi na hakuna aliyezichezea. Zinaonekana kupingana kwa sababu zinajibu maswali mawili tofauti, na tofauti yenyewe imo katika idadi inayogawanya. Kiwango cha vifo hugawanya waliokufa kwa watu wote walioanza safari, wagonjwa na wasio wagonjwa. Kiwango cha uhai wa miaka 5 huwagawanya walio hai kwa wale tu waliogunduliwa, na saa yake huanza kuhesabu siku ya kugunduliwa. Sasa, uchunguzi wa watu wasio na dalili hubadilisha mambo hayo mawili hasa, yaani nani anagunduliwa na anagunduliwa lini. Kwa hiyo unakigusa kiwango cha uhai kabla haujamgusa mgonjwa mwenyewe.

Tuanze na saa. Mchukulie mwanamume mmoja ambaye uvimbe wake unafikia ukubwa wa kuonekana kwenye picha akiwa na umri wa miaka 61. Hana dalili yoyote. Akifika miaka 64 anaanza kukohoa damu, anakwenda hospitali, anaambiwa ana saratani, na anafariki akiwa na miaka 67. Katika daftari la takwimu ataandikwa kwamba aliishi miaka 3 baada ya kugunduliwa, na kwa kipimo cha miaka 5 atahesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Sasa mchukue mwanamume huyohuyo, na ugonjwa uleule, lakini safari hii apimwe akiwa na miaka 61 na uvimbe uonekane. Anatibiwa, ila matibabu hayabadilishi mwendo wa ugonjwa wake, naye anafariki akiwa na miaka 67, siku ileile. Daftari sasa litasema aliishi miaka 6, na atahesabiwa miongoni mwa waliofaulu. Ukiwa na wanaume 100 wa namna hiyo, uhai wa miaka 5 unapanda kutoka asilimia 0 hadi asilimia 100, na makaburi yanabaki 100 kwa tarehe zilezile.

Miaka ile 3 kati ya siku ambayo kipimo kiliuona ugonjwa na siku ambayo dalili zingeufichua ndiyo muda wa kutangulia, na kosa la kuuhesabu kama maisha yaliyoongezwa ndilo linaloitwa upendeleo wa muda wa kutangulia. Ni vyema kusisitiza kwamba muda huo si kitu kibaya kwa wenyewe. Bila kutangulia ugonjwa, uchunguzi hauwezi kumfaa mtu yeyote, kwa kuwa faida yote inayotarajiwa inategemea kuuwahi. Tatizo ni kwamba muda huo huingia katika hesabu ya uhai uwe umefaa au haujafaa. Tuseme matibabu ya mapema yangempa mwanamume wetu mwaka mmoja wa kweli, akafariki akiwa na miaka 68. Daftari lingeonyesha miaka 7 badala ya 3, yaani ongezeko la miaka 4, na hakuna kitu ndani ya daftari kinachoonyesha kwamba mwaka mmoja tu ndio wa kweli na mingine mitatu ni ya kalenda.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi tusiutoe muda huo katika hesabu. Jibu ni kwamba kwa mgonjwa mmoja mmoja hauonekani. Mtu aliyegunduliwa kwa kipimo hatuwezi tena kujua dalili zake zingeanza lini kama asingepimwa, kwa sababu tayari ametibiwa. Watafiti hukadiria wastani wake kwa kulinganisha makundi na kujenga mifano ya hisabati, lakini wastani huo huficha tofauti kubwa kati ya mgonjwa na mgonjwa, na makadirio yakikosea kidogo tu faida inayodaiwa inaweza kutoweka au kuchipuka pasipokuwapo.

Upotoshaji wa pili ni mgumu zaidi kuuona, kwa kuwa hauhusu saa bali watu wenyewe wanaonaswa na kipimo. Saratani za kiungo kimoja hazikui kwa kasi moja. Nyingine hupita kutoka hatua ya kuonekana kwenye picha hadi hatua ya kutoa dalili kwa miezi michache, na nyingine hukaa miaka. Anayechungulia dirishani mara moja kwa siku atawaona watembea kwa miguu wengi kuliko waendesha pikipiki, hata kama wanaopita kwa siku nzima ni sawa kwa idadi, kwa sababu mwenda pole hukaa machoni muda mrefu. Kipimo kinachofanywa kwa vipindi huchungulia vivyo hivyo.

Hesabu yake inastahili kufanywa hadi mwisho. Tuchukue mji wa kubuni ambao kila mwaka watu 100 hupata uvimbe wa kasi na watu wengine 100 hupata uvimbe wa polepole. Uvimbe wa kasi huweza kuonekana kwenye picha kwa miezi 6 kabla ya dalili kuanza, na ule wa polepole kwa miaka 4. Tuseme pia kwamba kati ya wagonjwa wa kasi, asilimia 10 huwa hai baada ya miaka 5, na kati ya wale wa polepole asilimia 80, na kwamba kupimwa hakubadilishi chochote katika viwango hivyo. Tuuache kwa makusudi muda wa kutangulia usiingie hapa, ili tuone upotoshaji huu wa pili ukiwa peke yake.

Bila upimaji, wagonjwa wanaofika hospitali kwa mwaka kwa sababu ya dalili ni 200, nusu kwa nusu. Walio hai baada ya miaka 5 ni 10 pamoja na 80, jumla 90, sawa na asilimia 45. Sasa mji mzima upimwe siku moja. Siku hiyo, walio katika hatua ya kuonekana bila dalili ni 50 tu wenye uvimbe wa kasi, kwa kuwa hatua yao ni nusu mwaka, lakini wenye uvimbe wa polepole ni 400, yaani wa miaka 4 waliorundikana. Kipimo kitagundua watu 450. Kati yao watakaokuwa hai baada ya miaka 5 ni 5 pamoja na 320, jumla 325, sawa na takriban asilimia 72. Aliyelinganisha asilimia 72 ya waliogunduliwa kwa kipimo na asilimia 45 ya waliokuja kwa dalili atadhani amegundua dawa, ilhali kipimo hakikuongeza hata siku moja ya uhai kwa mtu yeyote. Kimechagua tu wagonjwa ambao tangu mwanzo walikuwa na ugonjwa mpole. Huu ndio upendeleo wa urefu wa kipindi.

Upimaji ukirudiwa kila mwaka, mrundikano ule wa mara ya kwanza humalizika na picha hubadilika kidogo. Kila mwaka wenye uvimbe wa polepole wote 100 hunaswa, kwa kuwa hakuna anayeweza kupita miaka 4 bila kukutana na kipimo, lakini nusu ya wale wa kasi huota na kutoa dalili katikati ya kipimo kimoja na kingine. Waliogunduliwa kwa kipimo ni 150, na 85 kati yao watakuwa hai, sawa na asilimia 57. Wale 50 waliokuja wenyewe katikati ya vipimo watakuwa na uhai wa asilimia 10. Tofauti ya 57 na 10 inatisha, na ni rahisi kuitumia kuwaogopesha waliokosa kupimwa. Lakini wajumlishe wote 200, na utarudi palepale, 90 hai, asilimia 45.

Jumla hiyo inatupa njia ya kupambanua. Upendeleo wa urefu wa kipindi huishi katika ulinganisho wa waliogunduliwa kwa kipimo na waliogunduliwa kwa dalili. Ukiwaweka wagonjwa wote wa kundi lililoitwa kupimwa pamoja, wakiwemo walionaswa, waliojitokeza katikati na waliokataa kwenda, upendeleo huo unayeyuka, mradi idadi ya wagonjwa wa pande zote mbili ni ileile. Muda wa kutangulia hauyeyuki kwa njia hiyo, kwa kuwa umewasogezea saa baadhi ya walio ndani ya kundi. Na sharti lile la idadi kuwa ileile ndilo lililovunjika katika utafiti wa Mayo.

Mwishoni mwa miaka ya upimaji na ufuatiliaji wa kwanza, kundi lililopimwa lilikuwa na wagonjwa 206 wa saratani ya mapafu, na kundi la pili 160. Makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu, wote ni wavutaji, kwa hiyo hakuna sababu ya mapafu ya upande mmoja kuugua zaidi. Maelezo yaliyokuwapo ni mawili. Huenda wale 46 wa ziada waligunduliwa tu mapema, na wenzao wa upande wa pili wangejitokeza baada ya miaka kadhaa dalili zao zikianza. Au huenda baadhi yao walikuwa na uvimbe uliokua polepole mno hata wangekufa kwa sababu nyingine, kwa moyo au kwa kiharusi, bila kujua kamwe kwamba waliubeba. Hali hii ya pili, ambayo ni mwisho wa mbali kabisa wa urefu wa kipindi, huitwa utambuzi wa ziada.

Maelezo hayo mawili yanatofautishwa kwa kusubiri. Kama ni kuwahi tu, kundi la pili litalifikia la kwanza. Watafiti waliwafuatilia wanaume wale hadi mwaka 1999, miaka zaidi ya 15 baada ya upimaji kwisha, na wakakuta wagonjwa 585 upande wa waliopimwa na 500 upande wa pili. Pengo halikuzibika. Ufuatiliaji wa vifo hadi mwaka 1996 ulionyesha vifo 4.4 vya saratani ya mapafu kwa kila miaka 1,000 ya maisha ya watu waliofuatiliwa upande wa waliopimwa, na 3.9 upande wa pili, tofauti ambayo inaweza kuletwa na bahati tu lakini ambayo kwa vyovyote haielekei upande wa faida. Wakati huohuo, wale waliokutwa na ugonjwa wa hatua za mwanzo na kufanyiwa upasuaji waliishi miaka 16 kwa kipimo cha kati, yaani nusu yao waliishi zaidi ya hapo na nusu chini ya hapo, katika kundi lililopimwa, na miaka 5 katika kundi la pili. Hatua ileile ya ugonjwa kwa jina, upasuaji uleule, na tofauti ya miaka 11. Sioni namba inayoonyesha vizuri zaidi kwamba walioitwa wagonjwa wa hatua za mwanzo katika makundi hayo mawili hawakuwa watu wa aina moja.

Utambuzi wa ziada huongeza uhai kwa hesabu nyepesi kabisa. Wagonjwa 100, kati yao 20 wako hai baada ya miaka 5, hiyo ni asilimia 20. Waongeze 60 ambao ugonjwa wao usingewadhuru, na kwa hiyo wote wako hai, utapata 80 kati ya 160, yaani asilimia 50. Waliokufa ni 80 kabla na 80 baada. Na wale 60 hawakupita bure, kwani kila mmoja alibeba jina la ugonjwa, na huenda alikatwa sehemu ya pafu ambayo ingemfaa hadi kifo chake.

Mfano wa wazi zaidi unatoka kwa watoto wachanga. Katikati ya miaka ya 1980 Japani ilianza kupima mkojo wa watoto wa miezi 6 nchi nzima ili kugundua nyuroblastoma, saratani ya seli za neva ambayo kwa watoto wadogo wakati mwingine hujifuta yenyewe. Waliogunduliwa kwa kipimo walipona karibu wote. Ndipo watafiti wa Kebeki nchini Kanada na wa Ujerumani walipolinganisha maeneo yaliyopimwa na yasiyopimwa, na mwaka 2002 wakaripoti kwamba wagonjwa waliongezeka bila vifo kupungua. Kipimo kilikuwa kikinasa hasa uvimbe ambao ungetoweka, na kuukosa ule mkali uliojitokeza baadaye. Kufikia mwaka 2004 Japani ilikuwa imeusitisha mpango huo.

Kuna pingamizi moja dhidi ya utafiti wa Mayo ambalo si la kupuuzwa. Kundi la pili liliambiwa likapimwe kila mwaka, na wengi wao walifanya hivyo kwa nyakati fulani nje ya utafiti, ilhali upande wa kwanza si wote waliohudhuria kila walipoitwa. Makundi yakikaribiana kwa vitendo, faida ndogo inaweza kufichika. Hoja hiyo ilibaki hadi utafiti mkubwa zaidi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, uliowagawanya wanaume na wanawake karibu 155,000, nusu wakipigwa eksirei ya kifua kila mwaka na nusu wakiendelea na huduma zao za kawaida. Matokeo ya mwaka 2011, baada ya ufuatiliaji wa miaka 13, yalikuwa vifo 1,213 vya saratani ya mapafu upande wa eksirei na 1,230 upande wa pili. Tofauti ya vifo 17 kati ya watu wengi hivyo si kitu.

Haya yote hayathibitishi kwamba uhai unapoongezeka basi uchunguzi haufai. Yanathibitisha kwamba ongezeko hilo, likiwa peke yake, halisemi lolote, kwa sababu litaonekana iwapo kipimo kinaokoa watu na litaonekana iwapo hakiokoi. Hata madaktari hujikwaa hapa. Katika uchunguzi wa maoni uliochapishwa mwaka 2012, takriban robo tatu ya madaktari 412 wa huduma ya msingi nchini Marekani waliona kuwa uhai bora wa miaka 5 ni ushahidi kwamba upimaji unaokoa maisha.

Kinachosema ni vifo, vikihesabiwa kati ya wote walioitwa na wote wasioitwa, waliogawanywa kwa bahati nasibu, kuanzia siku ya kugawanywa. Saa ikianza siku hiyo haiwezi kusogezwa na kipimo, na mtu akihesabiwa awe amegunduliwa au hajagunduliwa, hakuna uchaguzi wa wagonjwa wapole. Hesabu hii nayo ina mipaka yake. Inahitaji watu makumi ya maelfu na miaka mingi, na inategemea daktari anayeandika sababu ya kifo asipendelee upande wowote. Kifo kilichotokana na madhara ya upasuaji, kwa mfano, kinaweza kuandikwa kwa jina jingine na kuondoka katika hesabu ya saratani, na ndiyo maana watafiti makini huonyesha pia vifo vya sababu zote.

Kwa mapafu hayahaya, kipimo kingine kimeivuka mizani hiyo. Kuanzia mwaka 2002, watu 53,454 nchini Marekani waliovuta sigara kwa wingi, wengine wakiwa bado wanavuta na wengine wameacha, waligawanywa kupigwa ama eksirei au skani ya CT ya mionzi midogo, mara tatu kwa vipindi vya mwaka mmoja. Vifo vya saratani ya mapafu vilikuwa 356 upande wa skani na 443 upande wa eksirei, pungufu kwa asilimia 20 kwa kuzingatia muda wa ufuatiliaji, na vifo vya sababu zote navyo vilipungua kwa asilimia 6.7. Kwa lugha ya aliyeketi mbele ya daktari, kati ya watu 1,000 wa aina hiyo waliopigwa eksirei, karibu 17 walikufa kwa saratani ya mapafu, na kati ya 1,000 waliopigwa skani, karibu 13. Hata huko baadhi ya uvimbe ulioonekana ulikuwa wa utambuzi wa ziada, lakini tofauti ya watu kati ya 3 na 4 kwa kila 1,000 ilihesabiwa kwa vifo, kutoka siku ya kugawanywa.